Saa Iliyorefuka na Kufupika: Jinsi Watu wa Kale Walivyougawa Mchana Mafungu Kumi na Mawili

Mwaka 263 kabla ya Kristo, katika vita vya kwanza kati ya Roma na Kartago, Warumi waliuteka mji wa Katania kisiwani Sisilia. Konsuli Manio Valerio Mesala alirudi nyumbani na nyara, na moja ya nyara hizo ilikuwa saa ya jua iliyochongwa kwenye jiwe. Akaisimamisha juu ya nguzo katika uwanja mkuu wa Roma, karibu na jukwaa la wahutubu. Kwa mujibu wa mwandishi Plinio Mkubwa, mistari ya saa ile haikulingana na jua la Roma, lakini Warumi waliifuata kwa miaka 99. Mwaka 164 kabla ya Kristo ndipo Kwinto Marsio Filipo alipoweka pembeni yake nyingine iliyopimwa kwa usahihi zaidi.

Kwa muda mrefu kabla ya hapo mji haukuwa na saa hata moja. Mtumishi wa makonsuli alisimama kwenye jengo la baraza akilitazama jua; lilipoonekana kati ya majengo mawili aliyoyajua, alitangaza kwa sauti kwamba ni adhuhuri. Saa ya Katania iliwapa Warumi kitu kipya: mchana uliokatwa mafungu 12, kuanzia jua linapochomoza hadi linapozama. Yalikuwa 12 mwezi Juni, na yalikuwa 12 mwezi Desemba.

Hapo ndipo msomaji wa leo hukwama. Roma iko mbali na ikweta, na dunia imeinama katika mzunguko wake, kwa hiyo mchana wa kiangazi kule unafika saa 15 zetu, na ule wa katikati ya baridi ni kama saa 9 tu. Ukiugawa kila mmoja kwa 12, saa ya mchana ya Juni inakuwa na dakika 75 hivi, na ya Desemba dakika 45. Usiku nao ulipewa mafungu 12, na kwa kuwa mchana na usiku wake vinagawana saa 24 zilezile, saa ya usiku ilikuwa fupi kila ya mchana ilipokuwa ndefu. Saa moja ya mchana na saa moja ya usiku wake, ukizijumlisha, hukaribia dakika 120 mwaka mzima. Zililingana mara mbili tu kwa mwaka, mwezi Machi na mwezi Septemba, usiku na mchana vinapokuwa sawa.

Mtu anaweza kudhani walikosea, au hawakujali. Mimi naona walifuata kile ambacho kivuli chenyewe kiliwapa, na hili huonekana mtu akielewa jinsi fundi alivyoichonga saa ya jua ya aina moja iliyoenea, ile ya bakuli. Fundi alichimba jiwe likawa bakuli la nusu tufe, akaweka kijiti ambacho ncha yake ilifika katikati kabisa, usawa wa ukingo. Jua linapopanda angani, kivuli cha ncha hushuka ndani ya bakuli, hupita upande wa pili na kupanda tena. Njia ya kivuli ni njia ya jua iliyogeuzwa juu chini. Kiangazi njia hiyo ni ndefu, wakati wa baridi ni fupi. Fundi alichora njia tatu: ya siku ndefu kuliko zote, ya siku fupi kuliko zote, na ya siku ya usawa. Kila njia aliikata vipande 12 vilivyo sawa, kisha akaunganisha alama zenye namba moja kutoka njia hadi njia. Mistari 11 ilitosha. Baada ya hapo jiwe lilifanya kazi yenyewe: majira yakibadilika, kivuli kilihamia njia nyingine, na saa zikarefuka au kufupika bila mtu kugusa kitu.

Sasa tazama kosa la Katania. Mji ule uko nyuzi 37 na nusu kaskazini mwa ikweta, Roma karibu nyuzi 42. Siku ya usawa, jua la adhuhuri huko Katania hupanda nyuzi 52 na nusu juu ya upeo wa macho; Roma hufika 48 tu. Bakuli lililochongwa kwa Katania, likiwekwa Roma, litaonyesha adhuhuri bila shida mradi limeelekezwa kusini sawasawa. Lakini adhuhuri hiyo kivuli hakitagusa njia ya siku ya usawa. Jua litaonekana limeshuka mno, kana kwamba siku hiyo ya mwezi Machi bado siku 11 hivi haijafika. Asubuhi na jioni katikati ya kiangazi, mistari nayo itapishana na jua kwa dakika kadhaa. Makosa ya namna hii hayamzuii mtu kufika sokoni au barazani, na naamini ndiyo sababu Warumi waliweza kuishi nayo kwa karibu karne nzima.

Hesabu ya 12 ilikuwa kongwe kuliko Roma. Kwenye vifuniko vya majeneza ya Wamisri ya takriban miaka 2100 kabla ya Kristo kuna majedwali ya nyota zilizopangwa safu 12 za usiku. Maandishi yaliyo katika jengo la mfalme Seti wa Kwanza huko Abido, ya miaka 1300 hivi kabla ya Kristo, yanaeleza saa ya kivuli: ubao ulioelekezwa mashariki asubuhi na kugeuzwa magharibi baada ya adhuhuri. Ubao ulipima saa nane, kisha zikahesabiwa mbili kabla jua halijaufikia na mbili baada ya kuuacha. Jumla 12.

Usiku ndio uliowasumbua walipoupima kwa maji, kwa sababu maji hayajui majira. Chombo cha maji kilichopatikana Karnaki mwaka 1904, cha zama za mfalme Amenhotepu wa Tatu, kina tundu dogo chini na kuta zilizotanuka kuelekea juu, maana maji yakipungua hutoka polepole zaidi. Ndani kimechorwa safu 12 za alama, moja kwa kila mwezi, na kila safu ina usiku wake wa saa 12. Safu ndefu ina kina cha vidole 14, fupi vidole 12. Tofauti hiyo ni moja ya sita, ilhali usiku mrefu wa Karnaki unauzidi ule mfupi kwa karibu theluthi. Kipimo kilijua mwelekeo wa majira, hakikujua ukubwa wake.

Sisi tunaohesabu saa kuanzia asubuhi tunasoma habari za kale bila kugeuza namba. Giza la saa sita hadi saa tisa katika Injili ni mchana wetu uleule. Wale vibarua wa shamba la mizabibu walioajiriwa saa kumi na moja walibakiwa na fungu moja tu la mchana, ambalo kule Palestina wakati wa mavuno ya Agosti lilikaribia dakika 66. Dar es Salaam fungu hilo lingekuwa kati ya dakika 59 na 63 mwaka mzima, tofauti ambayo mkulima asingeihisi.

Wanajimu walizichoka saa hizi mapema. Klaudio Ptolemeo wa Aleksandria, katika karne ya 2, alifanya hesabu zake kwa saa zilizo sawa, na mwaka 1371 Ibn al-Shatir alichora saa sawa kwenye saa ya jua ya Msikiti wa Umayya, Dameski. Saa za magurudumu za Ulaya za karne ya 14 ndizo zilizoeneza saa sawa mitaani. Japani iliziacha saa za majira mwaka 1873 tu, na Wayahudi wanaoshika sheria hadi leo hupima mwisho wa muda wa sala ya Shema ya asubuhi kwa kuhesabu mafungu matatu kati ya 12 ya mchana wa siku hiyo.