Ratiba ukutani, daftari nyumbani: Namna ya kupanga begi la mtoto siku kwa siku

Mtoto anayekaa karibu na shule pale Manundu, Korogwe, akisahau daftari la Sayansi anaweza kukimbia nyumbani wakati wa mapumziko akalichukua. Mwenzake wa kijijini Handeni anayetembea mwendo mrefu kila asubuhi hana nafasi hiyo. Akisahau, siku imeshaondoka.

Hasara yake haionekani siku hiyohiyo. Mtoto ataandika notsi kwenye karatasi au nyuma ya daftari la somo lingine, akisema atahamishia baadaye. Baadaye haifiki. Wiki ya mtihani ndo unagundua daftari la Sayansi lina pengo la mada nzima, na zoezi la siku ile halikusahihishwa kwa sababu mwalimu hakuliona.

Watoto wengi wameshajitafutia dawa yao: wanabeba madaftari yote kila siku. Kwa mtoto ambaye mkono mmoja umeshika dumu la maji ya shule, jambo ambalo si geni Handeni, begi hilo linakuwa mzigo wa pili. Ushauri wa kawaida wa kiafya ni kwamba begi lisizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Mtoto wa kilo 30, basi, begi lake liishie kilo 3 hadi 4 na nusu. Kama una shaka, lipeleke dukani liwekwe kwenye mizani.

Kinachosaidia ni kadi moja ya siku tano inayotoka kwenye ratiba ya vipindi. Ila kuna namna ya kuiandika, maana nyingi zinabandikwa ukutani na baada ya wiki mbili hakuna anayezitazama.

Usinakili ratiba, andika mabadiliko

Kosa la kwanza la wazazi wengi ni kunakili ratiba kama ilivyo. Mtoto anasoma orodha ya masomo, anaona mengi yanafanana na ya jana, anakisia. Hapo ndo daftari moja linabaki kitandani.

Njia rahisi ni kugawa madaftari mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ya kudumu, yaani masomo yanayokuja kila siku au karibu kila siku. Haya hayatoki kwenye begi ila kwa kazi ya nyumbani, na yakishatumika yanarudi humohumo. Fungu la pili ni ya zamu, yanayoingia na kutoka kulingana na siku. Kadi inaandika haya ya zamu tu.

Tuchukue mfano wa mtoto wa Darasa la Tano. Ratiba hii ni ya mfano, si ya shule fulani, lakini masomo ni ya mtaala wa sasa. Hisabati, Kiswahili na Kiingereza anayo kila siku. Mengine yamekaa hivi:

- Jumatatu: Sayansi, Jiografia na Mazingira
- Jumanne: Historia ya Tanzania na Maadili
- Jumatano: Sayansi, Sanaa na Michezo
- Alhamisi: Jiografia na Mazingira
- Ijumaa: Historia ya Tanzania na Maadili, Dini, na michezo ya jioni

Masomo ni manane, lakini hakuna siku inayozidi matano. Hesabu hiyo peke yake inapunguza begi. Sasa kadi yake inasomeka hivi:

- Jumapili jioni: INGIZA Sayansi, Jiografia.
- Jumatatu jioni: TOA Sayansi, Jiografia. INGIZA Historia.
- Jumanne jioni: TOA Historia. INGIZA Sayansi, Sanaa na Michezo, nguo za michezo na raba.
- Jumatano jioni: TOA Sayansi, Sanaa na Michezo, nguo za michezo. FUA. INGIZA Jiografia.
- Alhamisi jioni: TOA Jiografia. INGIZA Historia, Dini, nguo za michezo.
- Ijumaa jioni: TOA kila kitu, kagua.

Ona kwamba kadi imeandikwa kwa jioni ya jana, siyo asubuhi ya siku yenyewe. Asubuhi kuna kuoga, uji, kutafuta soksi na kuharakishana. Si muda wa kukagua begi. Na kama nyumbani hakuna umeme, jioni hiyo iwe kabla giza halijaingia. Daftari la Historia na la Jiografia yakishavalishwa karatasi ya kaki yote mawili, kwenye mwanga wa tochi ya simu huwezi kuyatofautisha.

Kama somo lina madaftari mawili, la notsi na la mazoezi, yafunge pamoja kwa mpira wa kufungia noti. Likiingia moja, limeingia na la pili.

Nguo za michezo husahaulika siku ya kufua

Ukimuuliza mtoto kwa nini hakwenda na jezi, atasema amesahau. Mara nyingi hakusahau. Asubuhi ile jezi ilikuwa bado mbichi kwenye kamba, au ilikuwa chini ya begi na jasho la juzi.

Kwa hiyo kosa la Ijumaa huanza Jumatano. Kwenye mfano wetu mtoto ana seti moja ya nguo na michezo mara mbili kwa wiki. Akirudi Jumatano, nguo zitoke kwenye begi palepale, zifuliwe jioni hiyo, zikauke Alhamisi mchana, ziingie begini Alhamisi jioni. Siku ya kuanikia ni moja tu. Zikifuliwa Alhamisi, tayari umechelewa.

Kipindi cha jua hili halisumbui. Shida huja masika, kati ya Machi na Mei, na wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba, ambapo siku nzima inaweza kupita bila nguo kukauka. Miezi hiyo ongeza kwenye kadi neno moja siku ya Alhamisi: ANUA. Mtu aliyeko nyumbani mchana ajue kwamba wingu likitanda, jezi ya mtoto inaingizwa ndani na kutundikwa, haiachwi inyeshewe upya. Kama kuna uwezo wa kupata fulana ya pili, hata ya zamani, iandikwe kwenye kadi kama akiba ya siku za mvua.

Raba za kukimbilia zikae kwenye mfuko wake, mbali na madaftari. Udongo mwekundu wa Handeni ukishaingia kwenye kurasa hautoki.

Daftari lililobaki kwa mwalimu

Hapa ndipo kadi nyingi zinakufa. Jioni mtoto anatafuta daftari la Jiografia, halipo. Mama anauliza, mtoto hakumbuki, nyumba nzima inapekuliwa. Kumbe mwalimu alilikusanya Jumatatu ili alisahihishe. Hali hii ikijirudia mara tatu, mtoto anaona kadi ni kero na anarudi kubeba kila kitu.

Suluhisho ni penseli. Chini ya kadi acha mstari mmoja wenye majina ya masomo. Daftari likikusanywa, mtoto akifika nyumbani anaweka herufi M, yaani mwalimu, kwenye somo hilo. Likirudishwa, anafuta. Jioni ukiona M, hutafuti.

Alama hiyo ina kazi ya pili. Ikikaa wiki nzima bila kufutwa, kuna jambo la kuuliza: ama daftari limechanganyika na la mwanafunzi mwingine, ama lilirudishwa na mtoto akalipoteza. Kuuliza baada ya wiki ni rahisi kuliko kuuliza muhula ukiisha. Na jina la mtoto na darasa viandikwe pia ndani ya jalada, maana kaki ya nje hubanduka.

Ijumaa ni siku ya kukagua kurasa

Jioni ya Ijumaa begi linamwagwa lote. Vinatoka vipande vya penseli, maganda ya karanga, barua ya kikao cha wazazi iliyotakiwa kusomwa Jumanne. Halafu fungua kila daftari mwisho: zimebaki kurasa ngapi?

Zikibaki chini ya tano, daftari jipya linunuliwe Jumamosi. Somo la kila siku kama Hisabati linamaliza kurasa tano ndani ya wiki bila shida, na daftari likijaa katikati ya kipindi matokeo ni yaleyale ya kulisahau. Angalia pia peni, penseli, rula na mkebe wa hisabati.

Nani anapanga?

Kuanzia Darasa la Tatu mtoto apange mwenyewe, mzazi asikilize tu. Mwambie asome kadi kwa sauti huku akiweka mkono kwenye daftari. Ukimpangia wewe, siku ukisafiri utasikia amekwenda bila kitu.

Kwa wa Darasa la Kwanza na la Pili ambaye bado anajifunza kusoma, tumia rangi. Kila siku ipe rangi yake, kisha weka doti za rangi hizo kwenye jalada la kila daftari kulingana na siku za somo. Kama kesho ni ya kijani, kila lenye doti ya kijani linaingia.

Kadi yenyewe haina gharama. Kata upande wa boksi, andika kwa peni nzito, bandika mahali begi linapotundikwa. Ratiba ya darasani ipigwe picha kwa simu siku ya kufunga au kufungua shule ili usitegemee kumbukumbu ya mtoto.

Kadi isichoweza

Kadi inajua ratiba tu. Haijui wiki ya mitihani, wala mwalimu aliyebadilishana kipindi na mwenzake. Haijui pia kwamba michezo ya UMITASHUMTA ikikaribia, mtoto aliyechaguliwa kwenye timu ataanza mazoezi siku ambazo haziko kwenye ratiba. Vitu kama hivyo, pamoja na fagio au jembe la siku ya usafi, viandikwe kwa penseli pembeni na kufutwa wiki ikiisha.

Utajuaje inafanya kazi? Baada ya wiki tatu fungua madaftari ya zamu, yale ya Sayansi na Historia, uangalie tarehe. Kama kila kipindi cha ratiba kina tarehe yake na hakuna notsi za Sayansi nyuma ya daftari la Kiswahili, endelea. Kama kuna pengo, angalia limeangukia siku gani. Likiwa siku ileile kila wiki, kosa liko kwenye mstari mmoja wa kadi. Rekebisha mstari huo, usimchape mtoto.