Mahindi yameungua ghalani kabla hujayabeba: hasara ni ya nani?

Mama mmoja ana mashine ya kusaga unga wa lishe. Anaenda kwa mfanyabiashara wa nafaka, anakuta rundo la gunia 200, wanakubaliana gunia 40. Anatuma shilingi milioni moja na nusu kwa simu kama kianzio, halafu anasema, "Kesho asubuhi naleta gari." Usiku ghala linaungua.

Asubuhi kila mmoja ana hoja yake. Muuzaji anasema mzigo ulishauzwa. Mama anasema hajabeba hata punje. Wengi wetu tungedhani jibu linategemea nani ameshika mzigo, au kama hela imelipwa yote. Sheria haiangalii hivyo.

Kwa Tanzania Bara jibu liko kwenye Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Ni sheria ya tangu enzi za mkoloni, iliyofuata ile ya Uingereza ya mwaka 1893, na Kenya wana ndugu yake, Sura ya 31. Kanuni yake ni kwamba kama hamkupatana vinginevyo, hasara humfuata mwenye mali. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: saa moto unawaka, yale mahindi yalikuwa ya nani?

Kama gunia 40 hazikutengwa kwenye rundo, bado ni za muuzaji. Huwezi kumiliki kitu ambacho hakijulikani ni kipi. Ndani ya zile 200, hakuna anayeweza kunyoosha kidole aseme hizi ndizo za mama. Hasara ni ya muuzaji, na kianzio kirudi.

Sasa badilisha kidogo. Jioni ile vijana wa ghala walizitoa gunia 40, wakazipanga pembeni, wakaziandika jina la mama naye akiwepo na kuridhika. Bei ilikuwa ya gunia zima, hakuna cha kupima tena. Hapo umiliki umeshahama. Hasara ni ya mama, japo mzigo ulilala kwa muuzaji, na kinachouma zaidi ni kwamba salio bado analidaiwa. Atapona tu kama muuzaji alizembea kuutunza mzigo, au aliuchelewesha yeye kuutoa na ndiyo maana ukakutwa na moto.

Kuna hali ya katikati ambayo masokoni ni ya kila siku: bei ni ya kilo. Gunia zimetengwa, lakini muuzaji bado anatakiwa azipime ndipo bei ijulikane. Hadi apime na mnunuzi ajulishwe, umiliki haujahama. Kujulishwa huko kunaweza kuwa ujumbe wa simu tu, "Zimetoka kilo 4,120." Ndiyo maana saa ya ujumbe ule inaweza kuamua kesi nzima.

Wanaonunua kwa simu na kutumiwa mzigo kwa basi wako pabaya zaidi. Ukiwa Mwanza na muuzaji yuko Dar, akishaukabidhi mzigo kwa basi ili ukufikie, na hakujiwekea sharti lolote, kwa kawaida mali imeshakuwa yako. Ukipotea njiani, umepotea ukiwa wako. Muuzaji anabaki na wajibu wa kuusafirisha kwa utaratibu unaofaa, kwa mfano kuandikisha mzigo wa thamani kama ulivyo badala ya kumpa kondakta mkononi. Dawa yake ni mstari mmoja kabla ya kutuma hela: "Mzigo ni wako na hasara ni yako mpaka niupokee Mwanza." Akijibu sawa, kanuni ya kawaida imekaa pembeni, maana sheria yenyewe inaruhusu mpatane.

Tuseme moto haukutokea. Mama amebeba, amesaga, kisha kipimo kinaonyesha unga una sumukuvu kupita kiwango. Hapa yanaingia masharti ambayo hakuna aliyeyatamka lakini sheria inayaweka ndani ya mauziano.

La kwanza linahusu kazi ya bidhaa. Mama alisema, "Nataka ya kusaga unga wa lishe wa watoto," akategemea ujuzi wa mtu ambaye biashara yake ni nafaka. Basi mahindi lazima yafae kwa kazi hiyo. Asingesema chochote, muuzaji angeweza kujitetea kwamba alidhani ni ya kuku, ingawa kwa kitu chenye matumizi yanayojulikana wazi mahakama huona kwamba kununua kwenyewe kunatosha kueleza.

La pili ni kwamba bidhaa iliyonunuliwa kwa maelezo yake, kwa mtu anayeuza vitu vya aina hiyo, iwe na ubora wa kuuzika. Ila kama mnunuzi aliikagua, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Mama alichoma bambo kwenye gunia tatu, akamwaga punje kiganjani. Kama kulikuwa na wadudu wanatembea, amejitakia. Sumukuvu ni jambo jingine, kwa sababu haionekani kwa macho, na punje inayopendeza inaweza kuwa nayo.

Muuzaji atasema, "Hata mimi sikujua." Kwenye masharti haya huo si utetezi. Katika kesi iliyoamuliwa mwaka 1905 huko Uingereza, familia ilinunua maziwa yaliyokuwa na vijidudu vya homa ya matumbo, mke akafariki. Kampuni ya maziwa ilisema hakuna ujuzi ambao ungegundua tatizo. Mahakama iliona inawajibika hata hivyo, kwa kuwa maziwa yaliuzwa kwa kunywewa na hayakufaa kunywewa.

Lakini angalia mama anadai nini. Mara nyingi watu hukimbilia kurudisha mzigo, na hapa sheria yetu ya zamani ni kali. Ukishaupokea na kuufanya wako, kwa mfano kuusaga, huwezi tena kuukataa, unabaki na haki ya fidia. Na kama ulichagua mzigo maalumu na umiliki ukahama papo hapo, haki ya kukataa inaweza kukuponyoka hata kabla ya kupakia, usipokuwa umejiwekea sharti la kurudisha. Kwa hiyo kule kutengewa gunia na kuandikwa jina, kunakompa mama utulivu, kunambebesha hasara ya moto na pia kunaweza kumfungia mlango wa kurudisha. Fidia yake itahesabiwa kwa tofauti kati ya thamani ya mahindi mazima na haya aliyopewa, pamoja na hasara iliyotokana moja kwa moja na ubovu.

Vipi yale maneno ya kwenye risiti, "Mali ikiuzwa hairudishwi"? Ukipewa risiti baada ya kulipa, makubaliano yalishafungwa, na sharti jipya haliingii kwa mlango wa nyuma. Hata yangeingia, yanazungumzia kurudisha, hayagusi fidia. Kama ni bango kubwa ulilosoma kabla ya kulipa, mambo ni magumu zaidi kwako.

Sharti la ubora wa kuuzika halimbani asiye mfanyabiashara wa bidhaa ile. Mwalimu anayekuuzia friji lake kwa sababu anahama hahusiki nalo, labda kama alikudanganya au alikupa ahadi. Kwa mtu wa namna hiyo, liwashe friji uone linagandisha kabla ya kutoa hela. Kwa wa ghalani, weka kilo moja ya sampuli kutoka kila kundi la gunia, funga mbele yake, andika tarehe, msaini wote wawili.