Kudumaa kikazi na uchovu sugu wa kazi

Kudumaa kikazi ni hali ya mfanyakazi aliyekwisha kuimudu kazi yake, lakini haoni tena cheo cha kupanda wala jambo jipya la kujifunza. Uchovu sugu wa kazi ni hali nyingine. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza kuwa si ugonjwa, bali matokeo ya msongo wa kazini uliodumu bila kudhibitiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuiweka kazi mbali na moyo au kuibeza, na kuona ufanisi umeshuka.

Hali hizi huchanganywa kwa sababu aliyedumaa na mwenye uchovu sugu wote husema, "Nimeichoka kazi hii." Tofauti huonekana jioni. Aliyedumaa bado ana nguvu za shamba, kwaya au masomo, wakati mwenye uchovu sugu hana nguvu hata za kile anachokipenda.

Kipimo kizuri zaidi ni likizo, na hasa wiki zinazoifuata. Mwaka 1997 watafiti Mina Westman na Dov Eden walionyesha kwamba uchovu wa makarani waliowachunguza ulipungua likizoni, kisha ukarudi ulipokuwa ndani ya wiki tatu tu. Kwa hiyo kupata nafuu likizoni hakuthibitishi kwamba tatizo limekwisha.

Tuchukue mfano wa muuguzi wa wodi ya wazazi anayetaka kuacha uuguzi na kufungua duka. Anachukua likizo ya mwaka, ambayo kisheria Tanzania Bara ni siku 28, na nguvu zinarudi. Wiki ya pili kazini, baada ya zamu za usiku zenye wauguzi wawili kwa wodi iliyojaa, anaishiwa tena. Lakini siku anazopangiwa kliniki ya wajawazito hurudi nyumbani akiwa na hamu ya kusimulia alichokifanya. Huyu hajauchoka uuguzi. Zamu ndizo zinazomchosha. Aombe kuhamishiwa kliniki au kupunguziwa zamu za usiku. Duka lingemnyima taaluma anayoipenda bado.

Kama hata huko kliniki, akiwa amepumzika na kazi ni ya kiasi, angekuwa anahesabu saa, hapo angekuwa amedumaa. Dawa yake ni jukumu jipya: kusimamia wodi, kufundisha wanafunzi au kuongeza elimu ya ukunga. Mapumziko zaidi yangemwongezea uchovu wa moyo.

Fani mpya inamfaa yule ambaye, baada ya kupumzika na kubadilishiwa mazingira, bado anakereka na kiini chenyewe cha kazi. Naye aijaribu kwanza kwa likizo bila malipo, mwajiri akikubali.

Huzuni ikienea hadi nyumbani, usingizi na hamu ya kula vikapotea kwa zaidi ya wiki mbili, muone daktari kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi: huenda ni sonona, na hiyo hutibiwa hospitalini.