"Affect" au "effect"? Kiswahili chako tayari kina jibu

Meseji inaingia kwenye simu: "Your payment has been effected." Mtu mmoja anaisoma na kutulia. Mwingine anaisoma, moyo unampasuka, anaanza kupiga simu kuuliza pesa yake imekwama wapi.

Meseji ni ileile. Wa kwanza ameelewa kwamba malipo yamefanyika. Wa pili ameisoma kana kwamba imeandikwa "affected", akadhani malipo yake yamepata tatizo.

Tofauti ni herufi moja tu, lakini maana zinakwenda pande mbili. Habari njema ni kwamba anayejua Kiswahili ana njia rahisi ya kuyatenganisha maneno haya, tena bila kukariri kanuni ndefu.

Athiri na athari

Kwenye Kiswahili tunalo neno "athiri" na tunalo neno "athari". Hakuna anayeyachanganya. Tunasema "mvua imeathiri mazao", hatusemi "mvua imeathari mazao". Tunasema "athari za mvua", hatusemi "athiri za mvua".

Sababu ni kwamba "athiri" ni kitenzi, yaani jambo linalofanyika. "Athari" ni nomino, yaani kile kinachobaki baada ya jambo kufanyika.

Sasa chukua mgawanyo huohuo uupeleke kwenye Kiingereza. "Affect" ni athiri. "Effect" ni athari.

"The rain affected the crops" ni mvua iliathiri mazao. "The effect of the rain" ni athari ya mvua. Ukikwama katikati ya sentensi, iseme kwa Kiswahili kimoyomoyo. Ulimi ukitaka "athiri", andika "affect". Ukitaka "athari", andika "effect". Kwa matumizi mengi ya kila siku, hiyo inatosha.

Kwa nini yanachanganya hivi?

Kwanza ni sauti. Kwenye maneno yote mawili, mkazo unaangukia sehemu ya pili, ile "fect". Herufi ya mwanzo inatamkwa haraka na kwa unyonge, kiasi kwamba Mwingereza akiongea kwa kasi ni vigumu kusikia kama ilikuwa a au e. Kwa hiyo ukijifunza kwa kusikiliza peke yake, huwezi kujua lipi ni lipi.

Pili, simu haikusaidii sana. Yote mawili ni maneno halali ya Kiingereza, hivyo ukikosea, mara nyingi ule mstari mwekundu wa makosa ya tahajia hautokei. Neno limeandikwa sawasawa, ila limekaa pasipo pake.

Tatu, ni ndugu. Yote yametoka Kilatini, kwenye kitenzi kimoja chenye maana ya kufanya. "Affect" ilianza na kiambishi "ad", chenye maana ya kuelekea: kufanya jambo kuelekea kitu fulani, yaani kukigusa. "Effect" ilianza na "ex", chenye maana ya kutoka: kile kilichotokana na kufanya. Hata hapo mwanzo, moja ilikuwa inakwenda kugusa na nyingine inatoka kama matokeo.

Angalia neno lililotangulia

Kama bado una wasiwasi, tazama jirani wa kushoto.

Ukiona "the", "an", "any" au "no", au neno la sifa kama "big" au "bad", mara nyingi kinachofuata ni nomino. Hapo ni "effect". Mfano: "It had a bad effect." "There was no effect."

Ukiona "will", "can", "may" au "did not", kinachofuata kwa kawaida ni kitenzi. Hapo ni "affect". Mfano: "It will affect us." "It did not affect the price."

Kuwa makini na herufi s mwishoni. "Effects" ni athari nyingi. "Affects" kwa kawaida si wingi wa kitu, ni kitenzi cha wakati uliopo: "Smoking affects the lungs", yaani uvutaji sigara huathiri mapafu.

Na hiyo "on" inakaa wapi?

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, hata wale waliopatia herufi. Wanaandika "The drought affected on farmers." Hiyo "on" haitakiwi.

Kiswahili kinatoa jibu tena. Tunasema "ukame umeathiri wakulima", bila "kwa". Lakini tunasema "athari za ukame kwa wakulima", na "kwa" ipo. Kiingereza kinafanya vivyo hivyo: kitenzi kinamshika mhusika moja kwa moja, nomino inahitaji daraja.

Kwa hiyo ni "The drought affected farmers", na ni "The drought had an effect on farmers". Ukiona "on" imefuata mara moja baada ya "affect", anza kuitilia shaka.

Pale kipimo kinapogoma

Turudi kwenye ile meseji. "Your payment has been effected." Hapa "effect" imetumika kama kitenzi, na kipimo cha athiri na athari hakifanyi kazi.

"Effect" ikiwa kitenzi ina maana ya kutekeleza, kukamilisha, au kufanya jambo litokee. Ni Kiingereza cha ofisini. Utaikuta kwenye barua za benki, mikataba na maelezo ya mishahara, na ni nadra kuisikia kwenye maongezi ya kawaida.

Linganisha sentensi hizi mbili:

"The accountant effected the payments." Mhasibu alifanya malipo. Kazi imeisha.

"The accountant affected the payments." Mhasibu aliyaathiri malipo. Labda aliyachelewesha, labda aliyavuruga. Kwa vyovyote, kuna la kuuliza.

Unaona hatari yake? Kwa herufi moja, mtu aliyetimiza wajibu wake anageuka mtu aliyeharibu kazi. Barua kama hiyo ikikaa kwenye faili la mfanyakazi, atakayeisoma mwaka ujao hatajua kama ni kosa la kuandika au ni tuhuma.

Namna ya kutambua ni kujiuliza swali moja: hicho kitu kilikuwepo kikaguswa, au hakikuwepo kikafanyika? Kama kilikuwepo kikaguswa, ni "affect". Kama hakikuwepo kikafanyika, ni "effect".

Na kama wewe ndiye unayeandika, una njia ya kukwepa mtego mzima. Andika "made" au "carried out". "We made the payment on Friday" inaeleweka na kila mtu na haina sura mbili.

"With effect from" na wenzake

Kuna misemo michache ambayo huwezi kuitafsiri neno kwa neno.

"With effect from 1 July" ni kuanzia tarehe 1 Julai. Kwenye barua za ofisi utaiona pia imefupishwa kuwa "w.e.f." Haisemi kwamba kuna athari mbaya inakuja. Inataja tarehe tu.

"Take effect" ni kuanza kutumika. "The new fares take effect on Monday" ni kwamba nauli mpya zinaanza Jumatatu.

Zote mbili zina "effect" kwa sababu ni nomino, ingawa Kiswahili chake hakitaji athari popote. Hizi zishike kama zilivyo.

Upande wa pili, "affect" nayo huwa nomino, lakini karibu kila mara ni kwenye saikolojia na tiba ya akili. Huko ina maana ya hisia zinazoonekana kwa mtu, usoni na kwenye sauti yake, na mkazo wake unahamia mwanzoni. Kama husomi masomo hayo, unaweza usikutane nayo kabisa.

Tusahihishe barua moja

Tuseme msaidizi wa duka la jumla anamwandikia msambazaji wake. Rasimu yake ni hii:

"The heavy rains have effected our deliveries. The affect on sales was big. Our new prices will take affect on Monday. Payment for March was affected on 4 April. We hope this will not effect our business with you."

Sentensi tano, makosa matano. Twende moja moja.

Ya kwanza inataka kusema mvua imeathiri usafirishaji. Ni athiri, kwa hiyo "affected". Ilivyoandikwa, inasema mvua ndiyo iliyofanya kazi ya kusafirisha mizigo.

Ya pili ina "the" kushoto na "on" kulia. Ni athari kwa mauzo, kwa hiyo "effect".

Ya tatu ni ule msemo wa kuanza kutumika: "take effect".

Ya nne ndiyo ya hatari. Msaidizi anataka kusema malipo ya Machi yalifanyika tarehe 4 Aprili. Alichoandika ni kwamba siku hiyo malipo yalipata tatizo. Msambazaji akisoma hivyo anaweza kusitisha mzigo unaofuata mpaka aelezwe kuna nini. Neno sahihi ni "effected", au kwa usalama zaidi, "made".

Ya tano inataka kusema tunatumaini hili halitaathiri biashara yetu nanyi. Kuna "will not" kushoto, ni kitenzi, na biashara ipo tayari, inaguswa tu. Kwa hiyo ni "affect".

Barua safi inasomeka hivi:

"The heavy rains have affected our deliveries. The effect on sales was big. Our new prices will take effect on Monday. Payment for March was made on 4 April. We hope this will not affect our business with you."

Kati ya makosa yale matano, mawili ya kwanza na la mwisho yanaondoka kwa kusema athiri au athari kimoyomoyo. La tatu ni msemo wa kushika ulivyo. La nne ndilo linalohitaji utulie na kujiuliza: kilikuwepo kikaguswa, au kilifanyika?