Kuchanganya mahindi na maharagwe

Kuchanganya mahindi na maharagwe ni njia ya kilimo ambamo maharagwe hupandwa katikati ya mistari ya mahindi, katika shamba moja na msimu mmoja. Njia hii imeenea sana kwa wakulima wadogo wa Afrika Mashariki. Maharagwe huvunwa kabla ya mahindi, hivyo kaya hupata chakula wakati mahindi bado yako shambani.

Upandaji

Mahindi hupandwa kwa kawaida katika mistari yenye nafasi ya sentimita 75, na sentimita 30 kati ya shimo na shimo, mbegu moja kila shimo. Mstari mmoja wa maharagwe huwekwa katikati, kwa nafasi ya sentimita 15 kati ya mmea na mmea. Kwa vipimo hivyo hekta moja hubeba mimea ya mahindi ipatayo 44,000 na ya maharagwe ipatayo 89,000.

Mazao yote mawili hupandwa siku moja au kwa kupishana siku chache tu. Maharagwe yakichelewa, mahindi huyatangulia kwa urefu na kuyafunika kwa kivuli. Mimea hurefuka, hudhoofika na kutoa maganda machache. Aina fupi zisizotambaa ndizo hufaa zaidi, kwa kuwa aina zinazotambaa hujiviringisha kwenye mabua na zinaweza kuyaangusha.

Ili kupunguza kivuli, magharibi mwa Kenya ulibuniwa mpango uitwao MBILI. Mistari ya mahindi huwekwa miwilimiwili kwa umbali wa sentimita 50, kisha huachwa nafasi ya mita moja kabla ya jozi inayofuata. Ndani ya nafasi hiyo hupandwa mistari miwili ya maharagwe au mikunde mingine. Idadi ya mimea kwa hekta haibadiliki, kwa sababu wastani wa nafasi kati ya mistari ya mahindi unabaki sentimita 75. Kinachobadilika ni mwanga: maharagwe hupata jua zaidi.

Jinsi maharagwe yanavyopata nitrojeni

Sehemu kubwa ya hewa ni nitrojeni, lakini mimea haiwezi kuitumia ikiwa katika hali ya gesi. Bakteria wa udongo waitwao rizobia huingia katika mizizi ya maharagwe, na mzizi hujenga vinundu vidogo kuwazunguka. Mmea huwapa bakteria sukari, nao hugeuza nitrojeni ya hewa kuwa amonia ambayo mmea huitumia kutengeneza protini.

Mkulima anaweza kukagua kazi hiyo wakati maharagwe yanapotoa maua. Mmea huchimbwa kwa jembe pamoja na udongo wake, kwani ukivutwa kwa mkono vinundu hubaki ardhini. Kinundu kikipasuliwa na kuonekana chekundu au cha rangi ya waridi ndani, kinafanya kazi. Rangi hiyo hutokana na protini inayofanana na hemoglobini ya damu. Kinundu cheupe, cha kijani au cha kijivu hakifanyi kazi. Vinundu huwa vichache pale udongo unapokuwa na asidi nyingi au upungufu wa fosforasi. Pia mmea uliopewa mbolea nyingi ya nitrojeni hupunguza vinundu, kwa kuwa hauvihitaji tena.

Nitrojeni inayobaki shambani

Mahindi ya msimu uleule hupata nitrojeni kidogo tu kutoka kwa maharagwe jirani. Faida ya msimu huo ni kwamba maharagwe, yakijitafutia sehemu ya nitrojeni hewani, hayashindani sana na mahindi kwa ile ya udongoni. Nitrojeni iliyo katika mizizi, majani na mabua hupatikana baadaye, mabaki hayo yakishaoza.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya nitrojeni ya mmea huhamia kwenye mbegu. Maharagwe makavu yana takriban asilimia 22 ya protini, sawa na kilo 3.5 za nitrojeni katika kila kilo 100. Mkulima akivuna kilo 400, kilo 14 za nitrojeni hutoka shambani. Kiasi hicho kinazidi kidogo kilo 13 zilizomo katika mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya CAN yenye asilimia 26 ya nitrojeni.

Maharagwe ya kawaida pia hutengeneza nitrojeni kidogo kuliko mikunde kama soya na kunde. Ikiwa mimea inang'olewa yote, ikapurwa nyumbani na mabaki yake kuchomwa au kulishwa mifugo bila samadi kurudi shambani, udongo unaweza kupoteza nitrojeni kuliko ulivyoongezewa. Kwa hiyo mashina hukatwa juu ya ardhi ili mizizi ibaki, na maganda na mabua hurudishwa shambani baada ya kupura. Mahindi bado huhitaji samadi au mbolea ya kukuzia, ambayo huwekwa karibu na shina la mahindi, mbali na mstari wa maharagwe.