Neno na Matumizi Yake: ISO si mwanga

Kwenye sherehe za watoto Mbagala na Tandale, wapiga picha huambizana, "Ongeza mwanga," kumbe wanapandisha ISO. Usemi huo unawapotosha. ISO ni jina la shirika la kimataifa la viwango, ambalo mwaka 1974 liliunganisha vipimo vya filamu vya ASA na DIN. Kwenye kamera ya leo, ISO hukuza tu kile kilichokwisha kupokelewa, pamoja na chenga zake. Wanaoingiza mwanga ni wawili: tundu la lenzi na shata.

Chukua sebule usiku, taa moja, bila flashi. Kwa f/2, 1/60 na ISO 800 picha inang'aa vizuri, lakini mikono ya mtoto anayecheza imeburuzika huku pazia nyuma yake likionekana hadi nyuzi. Hapo kosa ni la shata. Ipeleke 1/250. Mwanga utapungua takribani mara nne, basi ISO nayo ipande mara nne, 3200. Ukibana tundu hadi f/2.8, itabidi ufike 6400. Chenga zinavumilika, lakini uso ulioburuzika haurekebishiki.