Mahakama inapobatilisha kifungu kimoja na kuacha sheria iliyobaki

Mahakama inapotamka kwamba kifungu fulani ni batili, wananchi wengi huamini kwamba sheria nzima imekufa. Mara nyingi sivyo. Ibara ya 64(5) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inaeleza kuwa sheria inayokiuka Katiba ni batili kwa kiasi kile tu inachoikiuka. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inaweka kanuni ya namna hiyo kwa kanuni na sheria ndogo zinazopingana na sheria za Bunge. Kazi ya mahakama ni kutenganisha sehemu mbovu na sehemu nzima, endapo inawezekana.

Mfano unaofahamika ni rufaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya Daudi Pete, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1991. Kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 kiliorodhesha hali ambazo mshtakiwa hakuweza kupewa dhamana. Aya ya (e) iliwanyima dhamana wote walioshtakiwa kwa makosa yenye shambulio kubwa, tishio la nguvu, au kumiliki silaha ya moto au baruti. Mahakama iliona aya hiyo ni pana mno, kwa kuwa iliweza kumnyima uhuru mtu wa hatari na asiye wa hatari vilevile. Aya ya (e) ilifutwa, lakini sheria yenyewe iliendelea kutumika. Kwa kuwa kila aya ilijitegemea, kuondolewa kwa moja hakukubadili maana ya nyingine.

Vigezo viwili

Mahakama hujiuliza mambo mawili. Kwanza, je, maneno batili yakifutwa, yanayobaki yanasomeka na kueleweka? Pili, je, kinachobaki bado ni sheria ileile iliyokusudiwa na waliyoitunga? Kigezo cha pili ndicho kizito zaidi, kwa sababu mahakama hufuta lakini haitungi.

Tuchukue mfano wa kubuni wa sheria ndogo ya Kijiji cha Namawala, katika Bonde la Kilombero, ambako wakulima wa mpunga na wafugaji hutumia ardhi jirani. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, sheria ndogo ya kijiji hupendekezwa na halmashauri ya kijiji, hujadiliwa na mkutano mkuu wa kijiji, kisha huidhinishwa na halmashauri ya wilaya.

Tuseme kifungu cha 3 kinakataza kulisha mifugo katika mashamba ambayo hayajavunwa, cha 4 kinaweka faini, na cha 5 kinasema aliyetozwa faini haruhusiwi kwenda mahakamani. Kifungu cha 5 kinagongana na Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, inayolinda haki ya kusikilizwa na kukata rufaa. Kikiondolewa, katazo na faini vinabaki kama vilivyokusudiwa. Mfugaji anapata haki ya kwenda mahakamani, na mpunga unaendelea kulindwa.

Sasa tuseme kifungu cha 6 kinasomeka: "Ni marufuku kwa mtu asiyezaliwa Namawala kupitisha ng'ombe kijijini." Ubaguzi umo katika maneno "asiyezaliwa Namawala". Yakifutwa, sentensi inasomeka vizuri, ila sasa inamkataza kila mtu, hata mzaliwa wa kijiji, jambo ambalo mkutano mkuu haukulipitisha kamwe. Kigezo cha kwanza kimetimia, cha pili kimeshindwa. Hapo kifungu cha 6 chote huanguka, na kijiji ndicho chenye wajibu wa kutunga kingine.

Uamuzi wa kiutawala hupimwa vivyo hivyo. Kibali chenye sharti lisilo halali kinaweza kubaki bila sharti hilo, ikiwa mamlaka ingekitoa hata pasipo sharti. Ikiwa sharti ndilo lililokuwa msingi wa kibali, vyote viwili hubatilishwa na ombi hurudi kuamuliwa upya.

Muda wa marekebisho

Ibara ya 30(5) inairuhusu mahakama kutoa muda wa kurekebisha kasoro badala ya kufuta papo hapo. Katika shauri la Rebeca Gyumi la mwaka 2016, Mahakama Kuu iliona kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Mahakama ya Rufani iliafiki uamuzi huo mwaka 2019. Muda wa namna hiyo unapotolewa, kifungu huhesabika kuwa halali hadi kirekebishwe au muda uishe, lolote litakalotangulia.

Kwa hiyo, anayesoma hukumu ya aina hii aangalie amri za mwisho: kifungu kipi kimetajwa, ni chote au maneno yake tu, na kuanzia lini. Kisichotajwa humo kinaendelea kumfunga kila mtu.